Tundu kwenye moyo wa mtoto linatoka wapi?

Kila zinapoombwa fedha za kumpeleka mtoto kwenye upasuaji wa moyo, husemwa kwamba "ana tundu kwenye moyo", na hapo hapo maswali huanza. Limetobolewa na nini? Mama alianguka akiwa mjamzito? Alibeba mizigo mizito, au alipata mshtuko? Mbona siku ya kuzaliwa mtoto alipimwa akaonekana mzima, tundu likaja kugunduliwa akiwa na wiki sita? Na mbona mtoto mwingine aliyeambiwa ana tundu alirudishwa nyumbani bila hata kidonge, kisha wazazi wakaelezwa kwamba limeziba lenyewe?

Ili kuyajibu maswali haya inabidi turudi kwenye wiki za mwanzo kabisa za mimba. Moyo haukuumbwa na vyumba vinne kisha ukatobolewa. Ulianza kama mrija mmoja ambao ndani yake haukuwa na ukuta wowote. Mrija ukarefuka, ukajikunja, halafu kuta zikaota ndani yake huku ukiendelea kupiga. Tundu ni mahali ambapo ukuta haukufika. Mimi na wewe sote tulikuwa nayo matundu hayo, na mojawapo tulikaa nalo hadi siku ya kuzaliwa kwa sababu bila hilo tusingezaliwa wazima.

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya maneno machache. Moyo uliokamilika una vyumba viwili vya juu vinavyopokea damu, na hivi huitwa atiria. Chini yake kuna vyumba viwili vinavyosukuma damu, navyo huitwa ventrikali. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma kwenye mapafu kupitia ateri ya mapafu. Upande wa kushoto hupokea damu yenye oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuisukuma mwilini kupitia mshipa mkubwa uitwao aota. Ukuta wa katikati ndio unaozuia damu za pande hizo mbili zisichanganyike.

Jambo jingine ni hesabu ya wiki. Kliniki huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hesabu hiyo huwa mbele kwa takriban wiki mbili ukilinganisha na umri halisi wa kiumbe. Katika makala haya ninahesabu tangu mimba ilipotungwa. Kwa hiyo nikisema wiki ya nne, kwenye kadi ya kliniki ni wiki ya sita. Kiumbe aliye katika wiki nane za kwanza huitwa kiinitete.

Mrija unaopiga

Katika wiki ya tatu kiinitete huwa kama bamba bapa la tabaka tatu za seli. Hadi hapo hakihitaji moyo, kwa sababu chakula na oksijeni hupenya kutoka seli hadi seli. Lakini kikizidi kunenepa, seli za ndani zinakuwa mbali mno kufikiwa kwa njia hiyo, na ndiyo sababu moyo hutangulia kufanya kazi kuliko viungo vingine vyote.

Seli zitakazokuwa moyo hukusanyika upande wa kichwani zikiwa zimejipanga kwa umbo la upinde. Kila mkono wa upinde hujenga mrija wake mwembamba. Kisha kingo za bamba hujikunja kuelekea tumboni, mirija miwili inasogezwa hadi katikati, inagusana na kuungana kuwa mmoja. Karibu na siku ya 22, mrija huo huanza kujikaza na kulegea. Wakati huo kiinitete kizima kina urefu wa milimita mbili au tatu tu. Hakuna neva yoyote iliyokwisha kufika kwenye moyo kuuamrisha. Seli za misuli ya moyo zina uwezo wa kupiga zenyewe.

Mrija una bitana nyembamba kwa ndani na misuli kwa nje, na kati yake kuna utelezi mzito. Vali, yaani vile vifuniko vinavyozuia damu isirudi nyuma, hazipo bado. Misuli inapojikaza, utelezi husukumwa ndani na kuifunga njia, hivyo damu hairudi ilikotoka kwa urahisi. Damu huingia kwa mwisho wa chini, upande wa mkia, na kutokea mwisho wa juu, upande wa kichwa.

Sasa tazama mpangilio wenyewe, maana hapa ndipo wengi hupotea. Watu hudhani mrija ulipasuliwa katikati kwa urefu, nusu ya kulia ikawa ventrikali ya kulia na nusu ya kushoto ikawa ventrikali ya kushoto. Sivyo. Sehemu za moyo zilifuatana kwa foleni. Damu ilipoingia ilikuta kwanza sehemu ya atiria, halafu sehemu ya ventrikali ya kushoto, halafu ya ventrikali ya kulia, ndipo ikatoka kwa mlango wa juu. Atiria zilikuwa chini na ventrikali juu, kinyume cha zinavyokaa leo, na ventrikali mbili hazikukaa ubavu kwa ubavu bali moja baada ya nyingine.

Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba mrija wa kwanza ulikuwa na sehemu zote hizi tangu mwanzo. Mwaka 2001 tafiti za viinitete vya kuku na panya zilionyesha vingine: mrija wa kwanza kwa sehemu kubwa ni ventrikali ya kushoto mtarajiwa, na sehemu nyingi zilizobaki, pamoja na ventrikali ya kulia na njia ya kutokea damu, hujengwa na kundi la pili la seli zinazoongezwa kwenye ncha za mrija baada ya moyo kuanza kupiga. Ugunduzi huo ulieleza kwa nini kasoro nyingi za kuzaliwa nazo hutokea kwenye njia ya kutokea damu. Sehemu hiyo hufika mwishoni na hutegemea seli zilizosafiri.

Kwa nini unajikunja

Fikiria mpira wa kumwagilia maji uliobanwa ncha zote mbili kwenye ubao. Ukiweza kuurefusha pale pale bila kuziachia ncha, hauwezi kubaki umenyooka, utajipinda tu. Moyo una hali hiyo. Mwisho wa juu umeshikwa na mishipa inayotoa damu, mwisho wa chini umeshikwa na mishipa inayoileta, na mrija wote umo ndani ya mfuko mdogo. Seli zinaendelea kuongezwa, mrija unarefuka. Mwanzoni uligandana kwa nyuma na ukuta wa mwili, lakini sehemu ya katikati ya mgandano huo hutoweka na kuuacha huru kupinda. Kati ya siku ya 23 na ya 28 hivi, mrija hujikunja na kuwa kitanzi.

Kitanzi hupinda kuelekea upande wa kulia wa kiinitete, na si kwa bahati. Siku chache kabla ya hapo, kwenye sehemu ndogo ya katikati ya bamba, seli zenye vijinywele vinavyozunguka huuvuta umajimaji kuelekea kushoto. Mkondo huo huamsha jeni fulani upande wa kushoto pekee, na kuanzia hapo mwili unajua kushoto ni wapi. Kwa watu waliozaliwa na vijinywele visivyocheza, mwelekeo huamuliwa kwa bahati nasibu. Karibu nusu yao viungo vyao vya ndani vimegeuzwa kama sura kwenye kioo, moyo ukiwa kulia na ini kushoto.

Hapa kuna dhana inayofaa kusahihishwa. Moyo kuwa upande wa kulia, peke yake, si ugonjwa. Kama viungo vyote vimegeuka pamoja, mabomba yote yanakutana na wenzake na damu inakwenda inakotakiwa. Shida huja pale kitanzi kinapopinda upande mmoja na viungo vingine vikashika upande mwingine, au kitanzi kikakosa mwelekeo unaoeleweka. Hapo atiria inaweza kujikuta imeunganishwa na ventrikali isiyo yake.

Kitanzi kikikamilika, atiria zimepanda juu na kukaa nyuma, njia ya kutokea damu iko mbele, na ventrikali mbili zilizokuwa kwenye foleni sasa zimelala ubavu kwa ubavu. Ukiutazama kwa nje tayari unafanana na moyo. Lakini ndani bado ni njia moja, na ina tatizo ambalo mimi huliona ndilo gumu kuliko yote katika habari hii.

Damu ya atiria bado inaingia kwenye ventrikali ya kushoto tu, na mlango wa kutokea uko kwenye ventrikali ya kulia tu. Ukuta ukijengwa katikati wakati huu, ventrikali ya kushoto itakuwa na mlango wa kuingilia bila wa kutokea, na ya kulia itakuwa na wa kutokea bila wa kuingilia. Moyo utasimama. Kwa hiyo kabla ukuta haujakamilika, milango yenyewe lazima ihame. Njia kati ya atiria na ventrikali hupanuka kuelekea kulia hadi iwe juu ya ventrikali zote mbili, na njia ya kutokea husogea kuelekea kushoto hadi nayo ifanye vivyo hivyo.

Uhamaji huo ukiishia njiani, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na milango yote miwili ya kuingilia kwenye ventrikali ya kushoto, au mishipa yote miwili ya kutokea ikichomoza kutoka ventrikali ya kulia. Kwa mtoto wa namna hii tundu kati ya ventrikali ndiyo njia pekee ya damu kupita. Wazazi wakisikia "tundu" hutaka lizibwe haraka, na wanashangaa daktari anapokataa. Anakataa kwa sababu kuliziba bila kupanga upya njia kungeifungia damu pa kupita.

Kuta zinavyoota

Kuanzia mwishoni mwa wiki ya nne, kuta huanza kujengwa karibu kwa wakati mmoja sehemu mbalimbali. Kiini chake kiko kwenye njia nyembamba kati ya atiria na ventrikali. Pale, ule utelezi niliousema huvimba na kuingiwa na seli, ukawa manundu mawili makubwa, moja juu na jingine chini. Yanakua yakielekeana hadi yanakutana na kushikana. Njia moja inakuwa mbili, ya kulia na ya kushoto, na baadaye vali za hapo hujengwa kwa sehemu kubwa kutokana na manundu hayo hayo. Ukuta wa juu unashuka kuja kuyashika, na ukuta wa chini unapanda kuja kuyashika. Yasipokutana, kuta zote mbili zinakosa pa kushika, na mtoto huzaliwa na uwazi mkubwa katikati ya moyo wenye vali moja kubwa badala ya mbili. Kasoro hii huwapata sana watoto wenye hali ya Down, ambao karibu nusu yao huzaliwa na tatizo fulani la moyo. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo hupaswa kufanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kama anaonekana mzima.

Ukuta wa atiria una kazi yenye masharti yanayopingana. Lazima ujengwe, ili mtoto akizaliwa damu zitengane. Lakini lazima pia uache njia, kwa sababu mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni yake hutoka kwenye kondo la nyuma, inapita kwenye mshipa wa kitovu na kufika atiria ya kulia. Damu hiyo nzuri ikienda yote kwenye mapafu yaliyojaa maji haitamfaa kitu. Inatakiwa ivuke moja kwa moja kwenda atiria ya kushoto, ili ifike kichwani na kwenye misuli ya moyo.

Suluhisho lake ni kuta mbili. Ya kwanza ni nyembamba. Inashuka kutoka darini kuelekea kwenye manundu, na kadiri inavyoshuka ndivyo uwazi wa chini yake unavyopungua. Kabla haujafungika kabisa, sehemu ya juu ya ukuta huo huo huanza kutoboka, kwa seli za hapo kufa kwa mpangilio. Vitundu vinaungana kuwa tundu moja. Kwa hiyo tundu la chini linapofungwa, la juu limeshafunguka, na damu haikosi njia hata dakika moja. Kisha ukuta wa pili, ulio mnene zaidi, hujitokeza upande wa kulia wa ule wa kwanza. Huu unafunika lile tundu la juu, lakini nao haufiki mwisho. Unaacha uwazi wa mviringo chini yake. Uwazi wa ukuta mnene uko chini na uwazi wa ukuta mwembamba uko juu, haviko mkabala. Damu ikitoka kulia inausukuma ukuta mwembamba pembeni na kupita. Ikijaribu kurudi kutoka kushoto inaubana ukuta mwembamba dhidi ya ule mnene, na njia inajifunga.

Mtoto anapovuta pumzi za kwanza, mapafu hufunguka na damu nyingi hurudi kutoka huko kuingia atiria ya kushoto. Wakati huo huo kitovu kimefungwa, damu iliyokuwa ikiingia kulia imepungua. Shinikizo la kushoto linazidi la kulia, ukuta mwembamba unabanwa, njia imefungwa. Katika miezi inayofuata kuta mbili hugandana. Kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne hazigandani kabisa, na hubaki mwanya mdogo ambao wengi huishi nao hadi uzee bila kujua. Huo haupaswi kuchanganywa na tundu halisi la atiria, ambapo ukuta mwembamba ulitoboka kupita kiasi au ule mnene ulikuwa mfupi, hivyo hakuna cha kufunikia.

Chini, kati ya ventrikali, ukuta wa misuli huinuka kutoka sakafuni. Kwa kweli kwa sehemu kubwa hauinuki. Ventrikali zenyewe zinavimba kwenda chini, kila moja upande wake, na nyama iliyo kati yao inabaki imesimama. Juu ya ukuta huo kunabaki uwazi. Uwazi huo hufungwa mwishoni, karibu na wiki ya saba, kwa tishu zinazotoka sehemu tatu: manundu ya katikati, kuta za njia ya kutokea damu, na ukuta wa misuli wenyewe. Sehemu inayozibwa hivi ni ndogo na nyembamba, na kwa kuwa inahitaji tatu zote zifike kwa wakati na mahali pamoja, matundu mengi ya ventrikali hubaki hapo. Tundu la ventrikali ni miongoni mwa kasoro za moyo zinazoonekana zaidi kwa watoto wachanga. Yale madogo yaliyo ndani ya nyama ya ukuta mara nyingi huziba yenyewe, kwa kuwa misuli hukua na kuyabana. Huyo ndiye mtoto aliyerudishwa nyumbani bila kidonge.

Na yule aliyegunduliwa akiwa na wiki sita? Siku ya kuzaliwa, shinikizo kwenye mishipa ya mapafu bado liko juu, karibu na la mwili mzima. Pande mbili za moyo zinasukumana kwa nguvu zinazokaribiana, damu haipiti sana kwenye tundu, na hakuna sauti ya kusikika. Katika wiki zinazofuata mishipa ya mapafu hulegea, shinikizo la kulia hushuka, damu ya kushoto huanza kupita kwa kasi kwenda kulia, na sauti ya ziada husikika. Kama tundu ni kubwa, mapafu hufurika damu: mtoto huhema haraka, hutoka jasho akinyonya, huchoka kabla ya kushiba, na uzito hauongezeki. Tundu lilikuwepo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni shinikizo. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba sauti kubwa haimaanishi tundu kubwa. Tundu dogo linaweza kuvuma sana kwa sababu damu hupenya kwa kasi kwenye uwazi mwembamba.

Kutokana na tarehe hizi, mzazi anaweza kujibiwa waziwazi kuhusu lawama. Kufikia mwisho wa wiki ya nane, kuta zimemaliza. Kuanguka mwezi wa sita, kubeba ndoo, ugomvi au hofu ya mwezi wa saba haviwezi kutoboa ukuta uliokwisha kufungwa. Yanayojulikana kuongeza hatari huingilia mapema: ugonjwa wa rubela katika wiki za mwanzo, kisukari ambacho hakikudhibitiwa kabla na mwanzoni mwa mimba, pombe, na baadhi ya dawa, kama valproeti ya kifafa. Kwa watoto wengi, hata hivyo, hakuna sababu moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Ukuta mmoja uliokaa pabaya

Tumalizie na mfano mmoja unaoonyesha jinsi hatua moja inavyozaa matatizo mengi. Mwaka 1888 daktari Étienne-Louis Fallot wa Marseille, Ufaransa, alieleza ugonjwa unaowafanya watoto wawe na rangi ya bluu. Kwenye mioyo yao alikuta mambo manne: njia ya kwenda mapafuni imebanwa, kuna tundu kati ya ventrikali, aota imekaa juu ya tundu hilo badala ya kukaa upande wa kushoto tu, na ventrikali ya kulia imenenepa. Mzazi anayeambiwa "mtoto wako ana kasoro nne za moyo" huvunjika moyo, na anastahili kuelezwa kwamba chanzo kinaweza kuwa kimoja.

Njia ya kutokea damu ilianza kama bomba moja. Ndani yake huota migongo miwili inayozunguka kwa mzunguko wa nusu duara kadiri inavyopanda, ikakutana na kuwa ukuta uliosokotwa. Upande mmoja wa ukuta ni aota, upande wa pili ni ateri ya mapafu, na ndiyo sababu mishipa hiyo miwili hadi leo imezungukana. Ujenzi huu unahitaji seli zilizosafiri kutoka kwenye kingo za nyuma za ubongo unaochipuka. Mwisho wa chini wa ukuta huo unapaswa kushuka sawasawa juu ya ukuta wa ventrikali na kuufunga.

Kwa mtoto mwenye kasoro ya Fallot, ukuta huo ulikaa mbele mno, ukaegemea upande wa ateri ya mapafu. Sasa fuatilia. Ateri ya mapafu imepewa nafasi finyu, hivyo njia imebanwa. Ukuta haukushuka juu ya ukuta wa ventrikali, hivyo tundu limebaki. Aota imepata nafasi kubwa kupita kiasi, ikajikuta juu ya tundu na kupokea damu ya pande zote mbili. Na ventrikali ya kulia, inayosukuma dhidi ya njia iliyobanwa, inanenepa kama msuli wowote unaobebeshwa mzigo. Mambo matatu yalitokana na ukuta kuhama, na la nne likazaliwa na hayo.

Kwa kuwa damu isiyo na oksijeni inaingia kwenye aota, mtoto hupata ubluu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usitegemee uso au vidole. Angalia ulimi na fizi, au apimwe oksijeni kwa kifaa cha kubana kidole. Akilia sana au akijikamua, njia ya mapafu hubanwa zaidi na anaweza kuzidi kuwa bluu ghafla, kulegea, hata kuzimia. Mtoto mkubwa huchuchumaa mwenyewe akichoka, na anafanya jambo la maana: kukunja miguu kunabana mishipa ya mwilini, damu inakuta upinzani upande wa aota na sehemu kubwa zaidi inalazimika kwenda mapafuni. Kwa mtoto mchanga, mzazi humkunja magoti hadi kifuani na kumkimbiza hospitali.

Kwa zaidi ya nusu karne baada ya Fallot hakukuwa na tiba. Kule Baltimore, Marekani, daktari wa watoto Helen Taussig aligundua kwamba watoto wengi huwa hoi baada ya kuziba kwa mshipa mfupi unaounganisha aota na ateri ya mapafu, ambao kila mtoto huwa nao tumboni. Akajiuliza kama haungeweza kutengenezwa upya. Novemba 1944, daktari wa upasuaji Alfred Blalock, akiongozwa na ufundi ambao msaidizi wake Vivien Thomas aliufanyia kazi kwa muda mrefu maabarani, aliunganisha mshipa wa damu unaoelekea mkononi na ateri ya mapafu ya mtoto, damu ikafika mapafuni kwa kuzunguka mahali palipobanwa. Tundu halikuguswa. Mwaka 1954 huko Minnesota, timu ya daktari wa upasuaji Walton Lillehei ilifungua moyo wenyewe na kurekebisha kasoro ya Fallot moja kwa moja.

Hadi leo daktari wa upasuaji hufanya ule ukuta uliokwenda kombo ushuke mahali pake: anashona kiraka kinachopita kwa mshazari, kikiziba tundu na kuiacha aota upande wa kushoto peke yake, kisha anakata nyama inayobana njia ya mapafu na mara nyingi kuipanua kwa kiraka kingine. Wengi wa watoto hao sasa hukua na kuzeeka. Lakini kupanua njia hiyo mara nyingi huacha vali ya mapafu ikivuja, na ventrikali ya kulia hutanuka polepole kwa miaka mingi bila dalili. Kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji akiwa mchanga anahitaji kuendelea kupimwa eko hadi utu uzima, na baadhi yao watahitaji kuwekewa vali mpya.